Kikomo cha NSSF ya Kenya: mwongozo kamili kwa sisi tunaoandaa mishahara ya ng'ambo tukiwa Tanga

Wahasibu wenzangu wa Tanga, hili swali linarudi kila mwisho wa mwezi na kila nikitumiwa shiti niikague nakuta kosa ni lile lile. Kampuni iko hapa, ina malori yanapita Horohoro, ina ofisi ndogo Lunga Lunga au Mombasa yenye wafanyakazi wanne watano, na bosi anasema mishahara yote ifanyike Tanga. Basi mtu anachukua shiti yake ya Eksel ya Tanzania, anaisevu kwa jina jipya, anabadilisha asilimia 10 kuwa 6, anabadilisha jedwali la kodi, anaona kamaliza. Dereva wake yuko sawa kabisa kwenye NSSF, ila meneja wa Mombasa kakatwa kupita kiasi na hakuna anayejua kwa nini.

Tatizo ni kwamba hapa ndani kuna maswali mawili na watu wanayafanya moja. Swali la kwanza: mchango unakatwa kwenye mshahara wote au unaishia mahali? Swali la pili: huo mchango ukishatoka, kodi inahesabiwa kwa kilichobaki au kwa mshahara wote kama ulivyokuwa? Jibu la moja halikupi jibu la lingine. Tanzania bara NSSF haina kikomo, na sehemu ya mfanyakazi inatoka kabla ya kodi. Kenya ina kikomo, na inatoka kabla ya kodi. Uganda haina kikomo, na ile asilimia 5 ya mfanyakazi haitoki kabla ya kodi, PAYE inapigwa kwa mshahara mzima. Marekani wana kikomo, lakini kodi ya mapato ya serikali kuu haijali kama umechangia. Kwa hiyo ukiona nchi ina kikomo usikimbilie kusema chochote kuhusu kodi, uliza swali la pili peke yake.

Hapa nafanya ya Kenya mwanzo mwisho, maana ndiyo inayotutesa.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

Mshahara ghafi wa kila mtu kwa mwezi, yaani kabla hujakata hata senti. Kwa shilingi za Kenya tafadhali, nimeona mtu kachanganya.

Vikomo viwili vya NSSF vya mwezi husika, cha chini na cha juu. Viko chini ya Sheria ya NSSF ya Kenya ya 2013 na tangu Februari 2023 vimekuwa vikipanda kila Februari. Kuanzia Februari 2025 cha chini ni 8,000 na cha juu ni 72,000. Kuanzia Februari 2026 cha chini ni 9,000 na cha juu ni 108,000.

Jedwali la PAYE la mwezi. Kwa mifano ya huku chini natumia hili: 24,000 za mwanzo asilimia 10, zinazofuata mpaka 32,333 asilimia 25, kutoka hapo mpaka 500,000 asilimia 30, mpaka 800,000 asilimia 32.5, na za juu zaidi asilimia 35. Mwishoni unatoa nafuu binafsi ya 2,400.

Na shiti tupu. Narudia, tupu. Usianze na ile ya Tanga.

Mfano wetu ni meneja wa Mombasa, mshahara ghafi 120,000, mwezi wa Oktoba 2025. Pembeni yake nitamweka dereva wa Lunga Lunga anayepata 45,000, kwa sababu ukiwaweka hawa wawili pamoja kosa linajitokeza lenyewe.

## Hatua ya 1: Weka vikomo kwenye seli zake

Juu ya shiti, mbali na majina ya watu, andika kikomo cha chini kwenye seli moja na cha juu kwenye nyingine. Kwenye mfano huu cha chini kipo J1 na cha juu kipo J2. Chini yake andika tarehe vilipoanza kutumika.

Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuandika 72,000 ndani ya fomula, Februari ikifika inabidi aisake kila mahali, na kuna moja ataisahau. Hapo utakuta nusu ya wafanyakazi wako kwenye kikomo kipya na nusu wamebaki cha zamani.

## Hatua ya 2: Hesabu mchango kwa mafungu mawili

Kenya wanagawa mchango kwenye madaraja mawili. Daraja la kwanza ni asilimia 6 ya mshahara mpaka kikomo cha chini. Daraja la pili ni asilimia 6 ya kile kilicho kati ya kikomo cha chini na cha juu. Kinachozidi kikomo cha juu hakiguswi. Mwajiri naye analipa kiasi kile kile kutoka mfukoni kwake.

Mshahara ukiwa B2:

```
C2: =ROUND(MIN(B2,$J$1)*6%,2)
D2: =ROUND(MAX(MIN(B2,$J$2)-$J$1,0)*6%,2)
E2: =C2+D2
```

Meneja: daraja la kwanza 8,000 mara asilimia 6 ni 480. Daraja la pili, 72,000 toa 8,000 inabaki 64,000, asilimia 6 yake ni 3,840. Jumla 4,320.

Dereva: daraja la kwanza 480, daraja la pili 37,000 mara asilimia 6 ni 2,220, jumla 2,700.

Sasa mwangalie dereva vizuri. 2,700 ni asilimia 6 ya 45,000 kavu kabisa, ungepiga mara moja bila madaraja ungepata hiyo hiyo. Ndiyo maana shiti ya Tanga iliyobadilishwa asilimia inaonekana nzima: kwa kila mtu aliye chini ya kikomo cha juu jumla inakuwa sahihi. Meneja ndiye anayeumia, maana shiti ile inampa 7,200 badala ya 4,320. Na kwa kuwa ofisi ndogo kama hizi aliye juu ya kikomo huwa mmoja au wawili, kosa linaweza kukaa mwaka mzima limetulia.

Mtu atauliza, kama jumla ni ile ile ya nini kuhangaika na madaraja? Kwa sababu sheria inamruhusu mwajiri kupeleka daraja la pili kwenye mfuko mwingine wa pensheni uliokubaliwa, la kwanza linabaki NSSF daima. Siku bosi akiamua hivyo, wewe safu zako ziko tayari.

Tahadhari. Sehemu ya mwajiri usiikate kwa mfanyakazi. Sisi huku tumezoea kusema "NSSF asilimia 20" kwa pumzi moja, zile 10 za mfanyakazi na 10 za mwajiri zinalipwa pamoja, na mazoea haya yanamfanya mtu amkate mkenya 8,640. Hiyo ni jumla ya pande mbili inayokwenda NSSF, kwenye slipu ya meneja inatoka 4,320 tu.

Utajua umefanikiwa hivi: kwenye seli ya mshahara andika 72,000, alafu 73,000, alafu 300,000. Mara zote tatu E2 isome 4,320. Ikisogea hata kidogo, kikomo chako hakifanyi kazi.

## Hatua ya 3: Toa mchango kwenye mshahara, siyo kwenye kodi

Hapa ndo lile swali la pili. Kenya mchango wa NSSF unapunguza mshahara unaotozwa kodi, kwa hiyo unautoa kabla hujagusa ngazi za kodi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato mengine mawili nayo yanatoka kabla ya kodi: bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 (isipungue 300) na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Hayo mawili hayana kikomo cha juu, yanapigwa kwa mshahara ghafi wote hata kama mtu anapata milioni.

```
F2: =ROUND(MAX(B2*2.75%,300),2)
G2: =ROUND(B2*1.5%,2)
H2: =B2-E2-F2-G2
```

Meneja: 120,000 toa NSSF 4,320, toa SHIF 3,300, toa nyumba 1,800. Mshahara wa kutozwa kodi ni 110,580.

Kuna kosa la ajabu kidogo ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja na linatoka kwa watu wenye akili tu. Mtu anasikia "kikomo ni 72,000" anaelewa kwamba mshahara wenyewe unakomea 72,000 kwa kila kitu, basi anatoza kodi kwa 72,000. Hapana jamani. Kikomo kinakata mchango, hakikati mshahara. Zile 48,000 za meneja zilizo juu ya kikomo hazichangii NSSF lakini zinatozwa kodi zote, na zinatozwa SHIF na nyumba pia.

Ukirithi shiti ya zamani ya mtu, angalia kama ina safu ya nafuu ya asilimia 15 ya SHIF au ya nyumba karibu na mwisho. Hiyo ni ya kabla ya 27 Desemba 2024. Ukiiacha na huku juu umeshatoa SHIF na nyumba, umempa mfanyakazi punguzo mara mbili, na kodi pungufu atakuja kudaiwa mwajiri.

## Hatua ya 4: Sasa piga ngazi

```
I2: =ROUND(MAX(0,MIN(H2,24000)*10%
 +MAX(MIN(H2,32333)-24000,0)*25%
 +MAX(MIN(H2,500000)-32333,0)*30%
 +MAX(MIN(H2,800000)-500000,0)*32.5%
 +MAX(H2-800000,0)*35%-2400),2)
```

Angalia fomula inasoma H2, siyo B2. Herufi moja tu hiyo ndiyo inayoamua kama mchango umepunguza kodi au haukupunguza, na ndiyo ya kwanza kuitazama mtu akikwambia kodi yake imekuwa kubwa.

Kwa meneja twende kwa mkono. 24,000 za kwanza zinatoa 2,400. 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 zinatoa 2,083.25. Kilichobaki ni 110,580 toa 32,333, yaani 78,247, kwa asilimia 30 ni 23,474.10. Jumla 27,957.35, toa nafuu 2,400, PAYE ni 25,557.35. Mkononi anabaki na 120,000 toa 9,420 za makato matatu toa kodi, yaani 85,022.65.

Ukiangalia vizuri, ngazi ya kwanza ya 2,400 na nafuu ya 2,400 zinauana. Ndiyo maana mwenye mshahara wa kutozwa usiozidi 24,000 halipi PAYE.

## Hatua ya 5: Jaribu shiti kwa kufuta NSSF

Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inayowaokoa. Tengeneza nakala ya shiti, nenda E2 ya meneja andika sifuri, angalia PAYE inavyobadilika.

Kama mchango unatoka kabla ya kodi, PAYE itapanda kwa asilimia 30 ya 4,320, yaani 1,296, ifike 26,853.35. Asilimia 30 kwa sababu ndiyo ngazi ya juu anayogusa meneja, na mchango unapunguza shilingi za juu kabisa, haupunguzi zile za chini za asilimia 10.

Kama PAYE haikusogea hata senti, basi kodi yako inasoma mshahara ghafi au umesahau kutoa NSSF kwenye H2. Meneja amekuwa akilipa angalau 1,296 zaidi kila mwezi, kwa mwaka 15,552.

Kama PAYE imepanda kwa 4,320 nzima, umeutoa mchango kwenye kodi yenyewe kana kwamba ni nafuu. Hili mfanyakazi halilalamikii kamwe, maana kodi yake inakuwa ndogo, alistahili kupunguziwa asilimia 30 tu ya mchango na iliyobaki serikali inamchangia bila kujua. Litaibuka siku ya ukaguzi, na barua itakuja kwa mwajiri.

Ukijaribu kwa mtu wa mshahara mdogo namba inaweza isitoke mviringo. Chukua anayepata 34,000: NSSF yake 2,040, mshahara wa kutozwa 30,515, yuko ngazi ya asilimia 25. Ukifuta NSSF anaruka mpaka 32,555, amevuka mstari wa 32,333. Kwa hiyo 1,818 zinapigwa asilimia 25 na 222 zinapigwa asilimia 30, tofauti inakuwa 521.10. Shiti iko sawa, ni kwamba mchango umekanyaga ngazi mbili. Dereva wetu wa 45,000 yeye hana shida hiyo, tofauti yake ni 810 kamili.

Hata shiti ya Tanga unaweza kuipima hivi hivi. Mtu wa 1,500,000 hapa kwetu anatoa NSSF 150,000, anatozwa kodi kwa 1,350,000, na kwa jedwali lililoanza Julai 2021 PAYE ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya 350,000, yaani 233,000. Futa NSSF, PAYE inakuwa 278,000. Tofauti 45,000, asilimia 30 ya 150,000. Utaratibu ni ule ule, ila huku mwenye milioni tano naye anatoa asilimia 10 ya yote, hakuna mahali pa kusimama.

## Hatua ya 6: Februari ikifika

Badilisha J1 na J2, usiguse kingine. Alafu kaa na mtu mmoja aliye juu ya kikomo uone kama mabadiliko yanaeleweka.

Meneja wetu, mshahara ule ule 120,000, Februari 2026. Daraja la kwanza 9,000 mara asilimia 6 ni 540. Daraja la pili 99,000 mara asilimia 6 ni 5,940. Jumla 6,480, imeongezeka 2,160. Mshahara wa kutozwa kodi unashuka mpaka 108,420, na kwa jedwali lile lile PAYE inakuwa 24,909.35. Mkononi 83,510.65.

Atakupigia simu. Atasema mchango umepanda 2,160 na mimi naona pesa imepungua 1,512, nyie Tanga mmekosea wapi? Mjibu kwamba hizo 648 zilizobaki zimetoka kwenye kodi yake iliyoshuka, asilimia 30 ya 2,160. Ukiweza kumwonyesha hivyo kwenye slipu mbili zilizowekwa pamoja, ya Januari na ya Februari, maneno yanaisha. Dereva wa 45,000 yeye kwenye jumla hataona chochote, 2,700 inabaki 2,700, ila daraja la kwanza limekuwa 540 na la pili 2,160.

Kitu kingine wanachouliza Februari: akiongezwa mshahara atakatwa zaidi NSSF? Inategemea yuko wapi. Aliye chini ya kikomo, kila shilingi ya nyongeza inatoa senti 6 NSSF. Aliye juu, nyongeza haitoi chochote NSSF. Lakini pia haina mchango wa kupunguza kodi, kwa hiyo ile nyongeza inaingia kwenye ngazi ikiwa na punguzo la SHIF na nyumba peke yake.

## Kama mtu ana pensheni nyingine pembeni

Hapa kuna kikomo cha pili kabisa na usikichanganye na kile cha 72,000 au 108,000. Kile cha kwanza kinasema utachangia kiasi gani. Hiki kinasema ni kiasi gani cha michango kitakubaliwa kupunguza mshahara wa kodi. Kwa mwezi ni kidogo kuliko vyote kati ya vitatu: alichochangia mfanyakazi kweli, asilimia 30 ya mshahara wake wa pensheni, au 30,000. Kabla ya 27 Desemba 2024 ilikuwa 20,000.

NSSF na pensheni ya kampuni zinaingia kapu moja. Tuseme mkurugenzi anapata 400,000, anachangia 30,000 mfuko wa kampuni na 4,320 NSSF kwa vikomo vya 2025. Jumla 34,320. Zote zinatoka kwenye mshahara wake, lakini zinazopunguza kodi ni 30,000. Zile 4,320 za juu zimeshakwenda kwenye mfuko na bado zinatozwa asilimia 30, yaani 1,296. Mshahara wake wa kutozwa kodi ni 400,000 toa 30,000, toa SHIF 11,000, toa nyumba 6,000: 353,000.

Kwa watu wa aina hii ongeza safu ya pensheni, tuseme K, na H2 iwe hivi:

```
=B2-MIN(E2+K2,B2*30%,30000)-F2-G2
```

Alafu kwenye kutafuta cha mkononi toa E2 na K2 zote kamili, siyo ile iliyopunguzwa na MIN. Wengi wanatumia namba moja kwa kazi zote mbili, slipu inaonyesha mkurugenzi kabaki na 4,320 ambazo ziko kwenye mfuko wa pensheni, na benki inazilipa.

PAYE ya Kenya ilipwe kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ya kwetu TRA ni tarehe 7, kwa hiyo anza na ya Tanga.